SOMO: Isothemu ya adsopsheni hatua kwa hatua (mstari kunyooka si ushahidi wa bondi ya kikemia)

Wakuu, salamu. Mwezi huu pekee nimeulizwa mara nne: "Grafu yangu ya Langmuir imenyooka, kwa hiyo adsopsheni ni ya kikemia, si ndiyo?" Siyo. Nimechoka kulijibu faraghani, naliandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia kiungo tu.

Natumia vipimo vya gesi ya monoksidi kaboni juu ya mkaa, vile vinavyozunguka kwenye vitabu vya kemia ya chuo. Usijaribu kuirudia nyumbani, hiyo gesi inaua.

Hatua ya 1. Tofautisha maneno. Sponji hunyonya maji hadi ndani, hiyo ni absopsheni. Gesi inayonata usoni tu mwa mkaa ni adsopsheni.

Hatua ya 2. Shikilia halijoto moja. Isothemu maana yake ni hiyo. Hapa ni kelvini 273, yaani barafu inayoyeyuka.

Hatua ya 3. Panga jedwali. Safu ya kwanza ni kanieneo p kwa kPa, na ni kanieneo iliyobaki baada ya gesi kutulia, si ile uliyoingiza mwanzo. Ya pili ni ujazo wa gesi iliyonata, V, kwa sentimita za ujazo, uliorekebishwa kuwa wa angahewa 1 na kelvini 273. Ya tatu gawanya mwenyewe, p kwa V.

```
p       V       p/V
13.3    10.2    1.30
26.7    18.6    1.44
40.0    25.5    1.57
53.3    31.5    1.69
66.7    36.9    1.81
80.0    41.6    1.92
93.3    46.1    2.02
```

Kabla hujaendelea, itazame safu ya V. Kutoka 13.3 hadi 26.7 kPa zimeongezeka 8.4. Kutoka 80.0 hadi 93.3, karibu ongezeko lilelile la kanieneo, zimeongezeka 4.5 tu. Nafasi zinapungua. Hilo ndilo wazo la Irving Langmuir, aliyekuwa akichunguza nyuzi za tangsteni za taa kule Schenectady, Marekani, miaka ya 1910. Uso una viti vyenye idadi maalumu. Molekuli hukaa kwenye kiti kitupu tu, na zilizokaa nazo hushuka muda wote. Kasi ya kupanda ikilingana na kasi ya kushuka, unapata:

V = V∞·K·p / (1 + K·p)

V∞ ni ujazo wa gesi pale viti vyote vinapojaa. K inapima jinsi molekuli inavyokishikilia kiti. Uso huo ni kama daladala isiyoruhusu abiria wa kusimama.

Hatua ya 4. Nyoosha mstari. Ukiigeuza hesabu hiyo unapata p/V = p/V∞ + 1/(K·V∞). Chora p/V dhidi ya p. Kwenye jedwali la kompyuta, p ikiwa safu A na p/V safu C:

```
=SLOPE(C2:C8,A2:A8)
=INTERCEPT(C2:C8,A2:A8)
```

C ndiyo inatangulia. Mwinamo ni 0.0090, na mstari unakata mhimili wa wima kwenye 1.20.

Hatua ya 5. Tafuta V∞. HAPA NDIPO NILIPOANGUKA. Mwaka wa pili chuoni sikutumia mwinamo. Niliona V ya mwisho ni 46.1, nikajiambia mchoro unaanza kulala, basi uso umejaa. Nikaipeleka 46.1 moja kwa moja kwenye hesabu ya eneo la uso. Ripoti ilirudi na wino mwekundu: "Nani kakwambia umejaa?" Nilinuna wiki nzima, lakini mwalimu alikuwa sahihi. V∞ ni 1 gawanya kwa mwinamo, yaani sentimita za ujazo kama 111. Kwa hiyo kwenye kipimo cha mwisho uso ulikuwa umejaa asilimia 42 tu, na eneo nililotangaza lilikuwa pungufu ya nusu ya lile la kweli. Jicho linadanganywa na mchoro unaopinda. Kupinda kunaonyesha kwamba viti vimeanza kuwa adimu, na bado hakujakwambia vimebaki vingapi.

Kinga yake ni hii. Tafuta K kwa kugawa mwinamo kwa namba ya mhimili: 0.0090 kwa 1.20 ni 0.0075 kwa kila kPa. Kisha pindua: 1/K ni kPa 133. Hiyo ndiyo kanieneo inayojaza nusu ya uso. Vipimo vyetu vimeishia 93.3, hata nusu hatujafika! Hiyo 111 ni makisio ya mbali, iandike hivyo kwenye ripoti. Na kama vipimo vyako vyote viko chini kabisa ya 1/K, usijisumbue: V inakwenda sambamba na p, na unachoweza kukijua ni zao la K na V∞ tu. Hakuna ufundi wa grafu utakaozitenganisha.

Hatua ya 6. Sasa ndiyo uulize: ya kifizikia au ya kikemia? Langmuir alihesabu viti. Kinachomshikilia abiria kwenye kiti hakikuingia kwenye hesabu yake, iwe ni mvuto hafifu kati ya molekuli au bondi kamili. Njia zote mbili zinaweza kutoa mstari ulionyooka. Jibu liko kwenye joto linalotolewa molekuli inaponata, na hilo hulipati kwenye isothemu moja. Unahitaji halijoto mbili au zaidi.

Kwa mkaa huohuo, ili sentimita 10.0 za ujazo zinate kwenye kelvini 200, inatosha kanieneo ya kPa 4.00. Kwenye kelvini 250 inahitajika kPa 9.85. Joto likipanda gesi inakimbia, inabidi uisukume zaidi. Kiasi kilichonata kikiwa kilekile, logi asilia ya kanieneo hubadilika kulingana na 1/T, na 8.314 hapo chini ni namba thabiti ya gesi, R:

ln(9.85/4.00) = 0.90
1/200 − 1/250 = 0.001
0.90 / 0.001 × 8.314 ≈ juli 7,500 kwa moli

Kilojuli 7.5 kwa moli. Adsopsheni ya kifizikia kwa kawaida haivuki kilojuli 40 hivi. Ya kikemia mara nyingi huanzia kwenye 80 na kwenda hadi mamia. Hapa hakuna bondi. Molekuli imeegemea tu, na ukipunguza kanieneo inaondoka ikiwa ileile iliyoingia.

Maswali hapo chini. Someni kwanza.

---

kidato_juu: Mkuu nimepata V∞ = 0.009. Iko sawa?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 5, sentensi ya "1 gawanya kwa mwinamo".

kidato_juu: Sasa mbona hukuandika vizuri?

Mwandishi: Nimeandika. Kwani ujazo wa mwisho kwenye jedwali ni 46.1, uso uliojaa utakuwaje na 0.009? Uwe unalilinganisha jibu lako na jedwali kabla ya kuniuliza.

binti_wa_pwani: Shikamoo mwalimu. Nimechora kwa mkono na naona nukta hazikai sawa kwenye mstari, kama zinainama kidogo. Nimekosea, au ndivyo zilivyo?

Mwandishi: Marahaba. Hujakosea, una jicho zuri. Chukua nukta tatu za mwanzo peke yake, V∞ inatoka kama 101. Chukua tatu za mwisho, inatoka kama 123. Langmuir alichukulia kwamba viti vyote ni sawa, lakini mkaa una nyufa, kingo na vitundu vya kila ukubwa. Viti vizuri hujaa kwanza, na kanieneo ikipanda vinaingia vile dhaifu ambavyo mwanzoni havikuonekana. Ndiyo maana kadiri unavyokwenda mbele mwinamo unashuka na V∞ inakua. Kwenye ripoti andika 111 kisha utaje huo mpindo, mwalimu mwenye akili atakupa alama kwa hilo. Ukitaka kuendelea, chora logi ya V dhidi ya logi ya p. Hiyo ni njia ya Freundlich, inayovumilia viti visivyolingana, ila haina kikomo cha kujaa, kwa hiyo V∞ hutaipata humo.

binti_wa_pwani: Ahsante sana. Na wale abiria wa kusimama?

Mwandishi: Wapo! Gesi ikikaribia kugeuka kimiminika, molekuli hukaa juu ya molekuli nyingine, tabaka juu ya tabaka. Brunauer, Emmett na Teller waliitengenezea hesabu mwaka 1938, ndiyo BET inayopima eneo la uso kwa naitrojeni kwenye kelvini 77. Matabaka hayo ni ya kifizikia. Ya kikemia huishia tabaka moja kwa sababu bondi inahitaji kuugusa uso wenyewe.

fundi_gesi: Kwa hiyo monoksidi kaboni siku zote ni ya kifizikia?

Mwandishi: La. Kwenye mkaa hapa, ndiyo. Juu ya nikeli au tangsteni inafunga bondi kweli. Na mkaa nao haushiki kila gesi kwa ulegevu: oksijeni ikishajifunga kwenye kaboni, ukiupasha mkaa joto ili kuitoa, inatoka ikiwa monoksidi au dioksidi kaboni. Imeondoka na kipande cha uso. Ukiona gesi inatoka si ile iliyoingia, huna haja ya kupima joto.

mzee_wa_fomula: Nitatulie na hili la kwangu, ni la kesho asubuhi. [picha]

Mwandishi: Hatua ya 3 hadi ya 6.

mama_wa_wawili: Samahani, mimi si mwanafunzi. Baridi ya huku tunaingiza jiko la mkaa ndani. Dukani kuna barakoa yenye mkaa, na jirani anasema hata kuweka gunia la mkaa chumbani hunyonya ile sumu. Ni kweli?

Mwandishi: Si kweli dada, na nashukuru umeuliza. Tumia namba za hapo juu. Hewa yenye sehemu 100 za monoksidi kwa milioni ina kanieneo ya gesi hiyo kama kPa 0.01. Mkaa wetu, uliobeba sentimita 10.2 za ujazo kwenye kPa 13.3, hapo utabeba chini ya 0.01, na hiyo ni kwenye baridi ya barafu. Chumbani kuna joto, unabeba pungufu zaidi, tena hewa nyingine na unyevu vinagombea viti hivyohivyo. Kilojuli 7.5 haziwezi kuishika. Mkaa wa barakoa hushika mivuke mizito kama ya petroli na rangi, si hii. Toa jiko nje, au fungua dirisha na mlango muda wote linapowaka, na msilale nalo.

mama_wa_wawili: Nimelitoa sasa hivi.

fundi_gesi: Na vile vifuko vya chembechembe kwenye boksi za viatu, vikishalowa naviamsha vipi?

Mwandishi: Hiyo ni silika, inashika mvuke wa maji kifizikia, ndiyo maana inaamshika. Zimwage chembe kwenye sinia ya bati, oveni nyuzi 120 hivi kwa saa mbili, kisha chupa yenye kifuniko kabla hazijapoa. Kifuko chenyewe usikiingize, kinaweza kuyeyuka.