Shule ya wanafunzi 240 haihitaji sampuli ya 384

Ile sampuli ya 384 inayonakiliwa kila mahali kwenye tafiti ni ya idadi kubwa mno ya watu. Kama shule yako ina wanafunzi 240, irekebishe:

```
n = n0 / (1 + (n0 - 1)/N)
```

Hapa n0 ni sampuli ya idadi kubwa, N ni wanafunzi wote wa shule, na n ni sampuli unayohitaji. Weka n0 = 384 na N = 240, utapata 148, kwa kosa la asilimia 5. Bajeti haifiki? Kubali kosa la asilimia 10: n0 inakuwa 96, na wanafunzi 69 wanatosha. Ila ukiwagawa kwa madarasa manne, kila darasa linabaki na kama 17, kwa hiyo usilinganishe madarasa. Na tafadhali, wachague kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejesta. Asiyekuwepo mfuatilie kesho yake, usimbadilishe na aliye karibu.