Kabla hujaingia makumbusho na daftari: notsi na michoro itakayokusaidia siku ya kuandika insha

Shida ya notsi za makumbusho haionekani siku ile ya kutembelea, inakuja kuonekana wiki mbili baadae umekaa mezani na insha, unafungua daftari unakuta umeandika "chungu kikubwa, cha harusi, kizuri sana" na hujui tena hilo neno harusi ulilitoa wapi. Mimi limenikuta hivyo hivyo. Nilishaandika aya nzima juu ya chungu cha harusi, afu nilipotaka kuonyesha nimejuaje nikakwama, sikumbuki kama ilikuwa kwenye lebo, au aliyekuwa anatuzungusha ndo alisema, au ni mimi mwenyewe nilikisia kwa sababu ya yale mapambo ya shingoni. Namba ya usajili sikuandika, kwahiyo hata kuwapigia makumbusho niwaulize nilishindwa, ningewaambia ni chungu kipi kati ya vyote walivyonavyo? Aya nikaifuta yote, na ndo ilikuwa aya niliyoipenda.

Kwahiyo maandalizi yanaanzia nyumbani, kwenye daftari lenyewe kabla hujatoka. Ukurasa wa kwanza andika swali la insha kama ulivyopewa, neno kwa neno, maana ukiwa ndani kati ya vitu mia unasahau haraka sana umefuata nini unaanza kuandika kila kinachong'aa. Halafu kila kitu utakachokiangalia kipe kurasa mbili zinazotazamana, wa kushoto mchoro, wa kulia maneno, na huo wa kulia uugawe kabisa kwa mistari sehemu tatu. Juu andika herufi N, yaani naona. Katikati L, yaani lebo. Chini M, makisio yangu. Inaonekana kama kazi ya bure ukiwa nyumbani lakini ukiwa umesimama, watu wanakupita mgongoni, hutakuwa na utulivu wa kuanza kutafuta mpangilio, utaandika popote palipo wazi na vitatu vitachanganyika.

Kurasa za vitu vitatu au vinne zinatosha kwa safari moja. Kitu kimoja ukikifanya vizuri kinakula dakika ishirini hivi, vinne ni saa moja na nusu ukijumlisha kutembea, na baada ya hapo macho yanachoka. Kama makumbusho yana katalogi onlaini pitia uchague kabla, ila usishangae ukikuta kimojawapo kimetolewa kwenda kufanyiwa matengenezo au kimeazimwa, kwahiyo kuwa na cha akiba.

Vifaa ni vichache. Penseli, sio kalamu ya wino, maana makumbusho mengi hayaruhusu wino karibu na vitu, wino ukidondokea nguo ya kale au karatasi hautoki tena. Penseli ya HB kwa maandishi na 2B kwa mchoro, ama ile ya kubonyeza ambayo haihitaji kuchongwa, kwa sababu ukichonga ndani unaacha maganda sakafuni na mlinzi atakufuata. Daftari la saizi ya A5 lenye jalada gumu, kwa kuwa utaandikia mkononi umesimama, na kuegemea kabati la kioo usithubutu. Kabla ya siku yenyewe wapigie simu au soma kwenye tovuti yao uulize mambo mawili tu: kuchora kunaruhusiwa kwenye vyumba vyote? na picha je? Flashi karibu kila mahali ni marufuku, na maonyesho ya vitu vya kuazima mara nyingi yanakataza picha kabisa hata kama vyumba vingine vinaruhusu.

Picha yenyewe ina mipaka yake. Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia Linda Henkel alichapisha majaribio aliyofanya ndani ya makumbusho, akaona watu waliopiga picha kitu kizima walikikumbuka vibaya kuliko vile walivyoviangalia tu bila kupiga, lakini waliovuta karibu sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hivyo. Mimi picha ya kwanza huwa napiga lebo, ya pili namba ya usajili kama imeandikwa pembeni, kitu chenyewe napiga mwisho nikishakichora. Ukianza na picha ya kitu mkono unalegea, unajiambia nitaangalia nyumbani, na nyumbani picha haina kile ulichotakiwa kukitafuta.

Sasa tuchukue chungu kimoja tukifanye chote. Tuseme swali la insha ni vyombo vya nyumbani vinatuambia nini kuhusu namna watu walivyovitumia, na mbele yako kuna chungu cha udongo ndani ya kabati, lebo inasema tu chungu, udongo, karne ya 19, kimo sentimita 24, na namba. Simama dakika mbili bila kuandika kitu, zunguka pande zote zinazozungukika, inama utazame na chini. Lebo usiisome bado, ukiisoma kwanza macho yako yataona kile lebo ilichotaja na kupita vingine vyote.

Halafu mchoro. Hauhitaji kujua kuchora, hapa hatutafuti uzuri, tunatafuta kitu kiko wapi. Nyoosha mkono wote mbele bila kukunja kiwiko, funga jicho moja, pima upana wa tumbo la chungu kwenye penseli kwa kidole gumba, kisha bila kusogea geuza penseli wima uone upana huo unaingia mara ngapi kwenye kimo. Ukikuta upana na kimo vinakaribiana, chora mraba hafifu, piga mstari wa katikati kutoka juu hadi chini, chungu kikae humo ndani. Kiwiko kikikunjwa kipimo kinabadilika kila mara na ndo sababu michoro mingi inatoka na shingo ndefu kuliko ilivyo. Weka mdomo, shingo, bega, tumbo, kitako, dakika tano zimeisha, hapo acha kurembesha anza mishale.

Mishale ndo mali ya mchoro. Kila unachokiona kivutie mshale na maneno mawili matatu. Kwenye chungu hiki unaona weusi umezunguka tumbo kama mkanda, kuanzia chini ya bega kushuka, lakini karibu na kitako weusi unapungua na udongo unarudi rangi ya kahawia nyekundu. Shingoni kuna mikwaruzo ya mapambo. Mdomoni upande mmoja umelika, na pembeni yake kuna kipande rangi yake haifanani na udongo mwingine, kimesawazishwa sana. Chora mpaka wa ule weusi hasa unapoanzia na unapoishia, usiandike tu cheusi, maana insha yako yote inaweza kusimama juu ya mpaka huo.

Kwa nini? Chungu kikiwekwa juu ya mafiga moto ukawa chini yake, masizi yanaganda ubavuni, ila kitako kinachopigwa na moto wenyewe kinapata joto kali mpaka masizi yake yanaungua na kuondoka. Kwahiyo mkanda mweusi tumboni na kitako cheupe zaidi ni dalili ya chombo kilichopikia kwenye moto. Lebo haikusema kupika popote. Umeisoma kwenye chungu mwenyewe, na hiyo ndo tofauti ya insha iliyonakili lebo na insha ya mtu aliyekwenda akaangalia.

Lakini hilo linakwenda kwenye M, sio N. Kwenye N unaandika "weusi kama mkanda, kuanzia chini ya bega, unapungua kitakoni". Kwenye M unaandika "labda masizi ya kupikia, juu ya mafiga?" na alama ya kuuliza uiache hapo hapo. Maana vyungu vinapata weusi pia siku ya kuchomwa vikiwa vipya, pale kuni zilipogusa udongo au hewa haikufika. Weusi wa namna hiyo unatokea popote, kwa madoa yasiyo na mpangilio, na umeingia ndani ya udongo, wakati masizi yamekaa juu yake kama ngozi na yanafuata umbo la moto. Kwenye kioo huwezi kugusa, kwahiyo unachoweza kusema kwa haki ni mpangilio wa weusi, unasema unaelekea wapi, unaishia hapo. Kipande kile kilichosawazishwa nacho kiandike N, kisha M "pengine plasta ya matengenezo", usije ukajenga hoja juu ya umbo la mdomo ambalo fundi wa makumbusho ndiye alilimalizia. Na kama kitako hukukiona chote kwa sababu kimekaa kwenye stendi, andika "kitako sikukiona chote". Hayo maneno yatakuokoa.

Rangi iamini kidogo tu. Vyumba vya nguo, karatasi na ngozi taa zake hupunguzwa makusudi kwa kuwa mwanga unafifisha vitu hivyo, na kwenye mwanga hafifu wa manjano bluu nzito unaweza kuiona nyeusi. Andika rangi pamoja na hali ya mwanga, "inaonekana nyeusi, taa hafifu", inatosha.

Ndo sasa soma lebo, nakili kwenye L neno kwa neno, hasa namba ya usajili, herufi na nukta zake zote. Makumbusho mengi yanaanza namba na mwaka kitu kilipoingia kwao, na wengi wanaukosea wakidhani ni mwaka kilipotengenezwa, kwahiyo angalia kabla hujaandika tarehe kwenye insha. Kama lebo inasema "takriban" hilo neno lichukue nalo. Mtu aliyekuzungusha akisema jambo liandikie L lakini weka "mwongozaji" pembeni, sio lebo.

Jioni ile ile, kabla hujalala, kaa nusu saa ufungue daftari ujaze maneno uliyoyafupisha, kesho yake yale yatakuwa hayasomeki hata kwako. Halafu kwa kila kitu andika sentensi mbili kamili za insha ukiwa bado unakiona kichwani. Kwa chungu chetu zingekuwa hivi: "Weusi umezunguka tumbo la chungu na kupungua kuelekea kitakoni, mpangilio unaoendana na chombo kilichopikia kwenye moto. Lebo haitaji matumizi yake, na sehemu ya kitako haikuonekana, kwa hiyo dai hili linategemea ubavu peke yake." Hapo umeshapata aya, na mwalimu akiuliza umejuaje, unamfungulia ukurasa wa kushoto.