Bajeti ya Stoki ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Duka la Mtaani

Anayefungua duka dogo la vyakula na mahitaji ya nyumbani kwa mara ya kwanza huwa na tamaa ya kuona shelfu zimejaa siku ya ufunguzi, na tamaa hiyo ndiyo humaliza mtaji mapema kuliko ushindani wa majirani. Stoki ya kwanza hupangwa kwa kuangalia ni bidhaa zipi zitakazorudisha fedha haraka, na kiasi cha kila moja kinachotosha mpaka siku utakapokwenda tena kwa muuzaji wa jumla. Tuchukulie mfano wa mtu mwenye shilingi 2,500,000 aliyepata fremu katika mtaa wa makazi huko Mbagala, Dar es Salaam. Bei zitakazotajwa ni za mfano tu, hivyo kila mmoja aweke za eneo lake na za wiki anayonunua.

Jambo la kwanza ni kujua mtaji wa bidhaa ni kiasi gani hasa. Mwenye fremu akidai kodi ya miezi sita kwa 50,000 kila mwezi, 300,000 zimekwenda. Shelfu na kaunta zichukue 350,000. Mizani, vipimo, taa na bahasha za khaki 150,000. Leseni na gharama nyingine za mwanzo 100,000. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na bahasha zisisahaulike, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na mteja wa sukari ya kupima hatakuja na chombo chake. Zimebaki 1,600,000. Kati ya hizo, 500,000 zisiguswe siku ya manunuzi ya kwanza, kwa sababu ndizo zitakazonunua upya kile kitakachoonekana kutoka haraka, na ndizo zitakazolipa nauli ya bajaji au guta la kubebea mzigo. Bidhaa zinunuliwe kwa 1,100,000 tu.

Kabla ya kuandika orodha, mtu akae eneo la duka lake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku kwa siku kadhaa, atazame watu wanatoka maduka ya jirani wamebeba nini na kwa kipimo gani. Katika mitaa ambayo wengi hulipwa kwa siku, unga hununuliwa nusu kilo na mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo cha kumaliza mboga ya usiku huo. Penye wafanyakazi wa mshahara, mwisho wa mwezi huja wanaotaka kiroba kizima. Inafaa pia kuwauliza majirani ni kitu gani huwabidi kukifuata mbali. Majibu yao yana thamani kuliko orodha ya mtu mwenye duka mtaa mwingine.

Katika mfano wetu, 600,000 ziende kwenye vyakula vya kila siku, yaani sembe, mchele, sukari, mafuta, maharage na chumvi. 300,000 kwenye sabuni ya mche na ya unga, viberiti, majani ya chai, dawa ya meno, pedi na vinavyofanana na hivyo. Na 200,000 zilizobaki zitumike kuonja soko, kwa kununua vipande vichache vichache vya aina nyingi. Vyakula vya kila siku vina faida ndogo kwa kilo, lakini ndivyo vinavyomleta mteja, na akishafika ndipo hukumbuka kiberiti. Soda zinaweza kusubiri, kwa sababu anayeanza bila makreti na chupa tupu hulazimika kuzilipia pia, na fedha hiyo hukaa pembeni bila kuzalisha kitu.

Kiasi cha kila bidhaa hupatikana kwa hesabu nyepesi: makadirio ya mauzo ya siku, mara idadi ya siku kabla ya manunuzi yajayo, pamoja na akiba ya siku mbili. Ukikadiria kuuza kilo nne za sukari kwa siku na ukawa unakwenda jumla kila baada ya siku nne, unahitaji kilo 16, na akiba ya kilo nane, jumla kilo 24. Mfuko wa kilo 25 unatosha. Hapo muuzaji wa jumla atakwambia kwamba mfuko wa kilo 50 ni 130,000, ilhali wa kilo 25 ni 67,500, na kweli ukichukua mkubwa unaokoa 5,000. Hata hivyo umetoa 62,500 zaidi kwa sukari itakayokaa zaidi ya siku 12 hadi kuisha. Kama fedha hiyo ingenunua viroba viwili vya sembe vya kilo 25 kwa 31,000 kila kimoja, na ukauza kilo kwa 1,400, ungepata faida ya 8,000 katika siku chache, kisha mtaji ukarudi kununua tena. Sharti ni kwamba sembe hiyo ina wanunuzi. Kama unayo ya kutosha dukani, hoja hii haisimami.

Mafuta ya kupima yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hesabu ya karatasini hailingani na ya kaunta. Dumu la lita 20 lina vipimo 200 vya mililita 100, na likinunuliwa kwa 100,000 kila kipimo kinasimama kwa 500. Ukiuza kwa 600 unatarajia faida ya 20,000. Lakini mafuta hubaki kwenye kuta za dumu, hunata kwenye faneli, na mkono wenye huruma huzidisha kidogo. Vikitoka vipimo 190, mauzo ni 114,000, na faida imeshuka hadi 14,000. Kwa hiyo dumu la kwanza lihesabiwe kipimo kwa kipimo kwa kuchora mistari kwenye daftari, na bei ipangwe kwa idadi iliyopatikana kweli. Sukari na maharage navyo hupungua vikipimwa robo robo, ingawa si kwa kiasi hicho.

Katika zile 200,000 za kuonja soko, usinunue katoni nzima ya kitu ambacho hujaona kikiuzwa mtaani hapo, hata kama kimeshushwa bei. Katoni inayouzwa kwa bei ya kushangaza isomwe kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, kwenye kifurushi cha ndani na si kwenye boksi pekee. Wapo wauzaji wa jumla wanaokubali kufungua katoni na kuuza nusu dazeni kwa bei ya juu kidogo, na nyongeza hiyo ni nafuu kuliko kulaza mtaji.

Mali kauli isiingizwe kwenye bajeti ya mwanzo, kwa kuwa muuzaji wa jumla hutoa mzigo wa kulipia baadaye kwa mtu aliyemzoea. Vivyo hivyo, mikopo kwa majirani iwekewe kikomo kabla ya mlango kufunguliwa, tuseme 30,000 kwa wadaiwa wote kwa pamoja, na unga unaochukuliwa kwenda kupikwa nyumbani uandikwe kama umeuzwa. Siku ya ufunguzi uwe pia na chenji ya sarafu za 50, 100, 200 na 500.

Wiki mbili za kwanza zitaonyesha kama mgao ulikuwa sahihi. Shelfu zikiwa bado zimejaa huku droo haina fedha ya kununua sembe, ulinunua vingi vinavyolala. Weka ukurasa mmoja wa daftari kwa ajili ya vitu vilivyoulizwa vikakosekana. Kilichoulizwa na watu watatu tofauti kinunuliwe kwa sehemu ya zile 500,000, na kisichouzwa hata kimoja kwa siku 14 kisiongezwe, bali kiachwe kiishe.