Somo: Namna ya kuipeleka sentensi ya Kilokele kwenye ngoma ya gogo

Ninaandika somo hili kwa sababu swali moja limenifikia mara nyingi mno: "Ni pigo lipi linasimama badala ya herufi A?" Hakuna pigo la namna hiyo. Ngoma ya gogo ya Walokele, wanaoishi kando ya mto Kongo ukishuka mkondo kutoka Kisangani, kwenye maeneo ya Yakusu na Isangi, haitumii herufi wala alama za siri. Inachukua toni za lugha yenyewe, yaani sauti ya juu na sauti ya chini ya kila silabi, pamoja na mwendo wa silabi hizo, na kuacha konsonanti na irabu zote. Atakayefuata hatua zifuatazo kwa utaratibu ataona mwenyewe kwa nini ujumbe mfupi huwa mrefu sana unapopigwa.

Hatua ya 1. Mtafute mtu aliyekua akizungumza Kilokele, kwa maana bila yeye hatua zinazofuata hazina msingi.

Hatua ya 2. Pata chombo chenye sauti mbili. Ngoma yenyewe ni gogo la mti mgumu, hasa mti mwekundu wa jamii moja na mninga, lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu wa juu. Upande mmoja wa ufa huchimbwa zaidi kwa chini, hivyo mdomo wake unakuwa mwembamba na kutoa sauti nzito, na mdomo wa pili hutoa sauti ya juu. Kwa mazoezi, vipande viwili vya mbao vyenye sauti zinazotofautiana waziwazi vinatosha.

Hatua ya 3. Andika toni za kila neno. Hapa ndipo nilipokosea, tena kwa miezi kadhaa, na nimewaona Waswahili wenzangu wakikosea vilevile. Masikio yetu yamezoea mkazo, ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaposikia neno la lugha nyingine ya Kibantu, tunaupachika mkazo huo bila kujua, kisha tunauandika kana kwamba ni toni ya juu. Mzee aliyekuwa akinifundisha alinipa neno *lisaka*, nami nikaliandika chini, juu, chini, kama ambavyo ningelitamka nyumbani. Nilipolipiga, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nilikuwa ninasema nini. *Lisaka* yenye silabi zote tatu chini ni dimbwi la maji. Ya mwisho pekee ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Nilichoandika mimi hakikuwa lolote kati ya maneno hayo matatu.

Jikague hivi: andika maneno 20 ya silabi tatu, kisha uangalie ile ya katikati. Ikiwa karibu kila mara umeiweka juu na jirani zake chini, umeandika Kiswahili chako, hukuandika Kilokele. Usimwombe mwalimu wako arudie neno kwa nguvu zaidi, kwa kuwa nguvu huleta mkazo na kukupoteza tena. Mwombe alipige kwa mluzi. Mluzi huondoa konsonanti, irabu na nguvu, ukabaki na kupanda na kushuka tu. Nawe umrudishie mluzi huohuo, na akitaja neno ulilolikusudia kati ya maneno mengine ya urefu uleule, liandike.

Kuna onyo la pili. Katika lugha nyingi za Kibantu sauti hushuka polepole kadiri sentensi inavyoendelea, hivyo toni ya juu iliyo karibu na mwisho inaweza kusikika chini kuliko ile ya mwanzoni. Usiiandike kuwa ya chini. Ngoma ina sauti mbili tu zisizobadilika, na kila toni ya juu hupigwa kwenye mdomo uleule hata kama ni ya mwisho katika sentensi. Madhara ya kuteleza hapa si madogo. *Alambaka boili*, ikiwa juu, chini, juu, juu, kisha chini tatu, ni "aliutazama ukingo wa mto". Ikiwa juu mara nne, kisha chini, juu, chini, ni "alimchemsha mama mkwe wake".

Hatua ya 4. Badilisha neno kuwa fungu la maneno. Ukishakuwa na toni sahihi, utagundua kwamba bado hazitoshi. *Sango* (baba), *songe* (mwezi) na *koko* (kuku) yote ni juu, juu. Ngoma ikipiga juu, juu, msikilizaji aliye mbali hawezi kujua umetaja kipi. Kwa hiyo kila neno lina fungu lake, ambalo wapigaji wamelirithi na hawalibuni papo kwa papo. Mwezi hupigwa *songe li tange la manga*, mwezi unaoitazama dunia kutoka juu, silabi nane badala ya mbili. Kuku ni *koko olongo la bokiokio*, yule mdogo anayelia kiokio. Ndizi ni *likondo libotumbela*, ndizi ya kuwekewa egemeo. Muhogo ni *lomata otikala kondo*, muhogo unaobaki katika shamba lililopumzishwa. Fungu refu lina mpangilio wake wa juu na chini ambao haufanani na wa fungu jingine, na hata upepo ukimeza pigo moja au mawili, yaliyobaki yanatosha kumwelekeza msikilizaji.

Vitenzi pia viko hivyo. Kusema "usiogope", mpigaji anamwambia mtu aushushe moyo wake kutoka kinywani, moyo utoke kinywani, urudi chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938 na kujifunza kupiga, alikadiria kwamba ngoma huhitaji takriban maneno manane mahali ambapo usemi wa kawaida ungehitaji moja. Msifupishe. Wanaofupisha fungu kwa kudhani ni pambo wanaondoa kile hasa kinachobeba maana.

Hatua ya 5. Panga ujumbe: mapigo ya kuamsha usikivu, jina la ngoma la anayeitwa, jina la anayeita, kisha habari yenyewe, ukiirudia. Jina la ngoma huunganisha jina la mtu mwenyewe, la baba yake na kijiji cha mama yake, kwa sababu jina la kawaida ni fupi mno kwa kazi hii.

Hatua ya 6. Piga alfajiri au usiku, ukiwa kando ya mto.

Maswali ya wanachama

Mtafiti_Chipukizi: Asante kwa somo. Naomba unitumie jedwali la A hadi Z kwa mapigo, nina kazi ya darasa kesho.

Mwandishi: Tafadhali soma aya ya kwanza. Unachokitaka ni alfabeti ya Morse, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya telegrafu, haihusiani na ngoma hii.

BintiWaPangani: Shikamoo mwalimu. Kwa kuwa Kiswahili ni cha Kibantu pia, je, hatuwezi kukipiga kwa njia hii? Nauliza kwa sababu *barabara* ya kupitia magari na *barabara* ya "sawasawa" tunazitofautisha kwa sauti tu.

Mwandishi: Marahaba, dada. Mfano wako ni mzuri, na ndio unaoonyesha tatizo. Kinachotofautisha jozi hiyo ni mahali pa mkazo, na jozi za namna hiyo katika Kiswahili ni chache sana. Kiswahili kilipoteza toni ambazo ndugu zake wengi bado wanazo, hivyo *baba*, *kuku*, *mwezi* na *ndizi* yote yangepigwa kwa namna moja, na karibu kila neno la silabi tatu lingekuwa na umbo lilelile. Fungu la maneno nalo lisingeokoa, kwa sababu mafungu yenyewe yangefanana.

Kwa mluzi, hata hivyo, mlango uko wazi. Katika kisiwa cha La Gomera, kwenye visiwa vya Kanari, watu hupiga mluzi wa Kihispania, na Kihispania hakina toni. Wao hufuata rangi ya irabu: mluzi wa *i* huwa juu, wa *o* huwa chini, na konsonanti husikika kama namna mluzi unavyopanda, kushuka au kukatika. Hujulikana kama silbo, hufundishwa katika shule za kisiwa hicho tangu mwaka 1999, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 2009. Jaribu kupiga mluzi wa *piga* na *poga* ukiuacha ulimi ukae kama unatamka, na utasikia tofauti mara moja.

BintiWaPangani: Nimejaribu, na kweli *pi* inapanda. Basi ngoma inabeba toni, na mluzi unaweza kubeba ama toni ama irabu?

Mwandishi: Ndivyo. Wenye lugha za toni kwa kawaida hupiga mluzi wa toni, na wasio na toni hupiga wa irabu. Umeelewa vizuri kuliko nilivyoeleza.

Kaka_Juma: Nimepiga koko mara kumi, rafiki yangu Mlokele hakuelewa. Mbinu yako haifanyi kazi.

Mwandishi: Umepiga *koko* peke yake, au *koko olongo la bokiokio*?

Kaka_Juma: Koko tu. Fungu ni refu.

Mwandishi: Basi umepiga kuku, mwezi na baba kwa wakati mmoja. Rudi hatua ya 4.

MpendaMidundo: Mwalimu, umesema "toni na mwendo", lakini hatua zako zinazungumzia toni tu. Mwendo unafanya kazi gani?

Mwandishi: Ni kweli nimeupita haraka, na swali lako linastahili jibu kamili. Nitatumia mfano wa Wabora wa Amazoni, huko Peru na Kolombia, ambao ngoma zao za magogo zinaitwa manguaré. Lugha yao pia ina toni mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba muda kati ya pigo na pigo hufuata muda kati ya irabu na irabu katika usemi. Silabi yenye irabu ndefu, au inayofungwa na konsonanti, huacha nafasi ndefu zaidi kabla ya pigo linalofuata. Kwa hiyo maneno mawili yenye toni sawa yanaweza kutofautishwa na nafasi hizo. Ukipiga mapigo yote kwa umbali sawa, kama saa ya ukutani, unamnyima msikilizaji nusu ya alichokuwa akikitegemea. Njia rahisi ni kusema fungu kimoyomoyo wakati mikono inapiga.

Mzee_wa_Tshopo: Nyongeza ndogo kutoka huku kwetu. Fimbo zifungwe mpira kwenye ncha. Fimbo tupu hutoa mlio mkali wa mti, mlio usiofika mbali, na zile sauti mbili zinakaribiana mno.

Mwandishi: Ninashukuru, mzee wangu, nilisahau kuliandika na nimelipokea.

MpendaMidundo: Na kwa nini usiku? Ni kwa sababu ya utulivu tu?

Mwandishi: Utulivu unasaidia, lakini si huo tu. Mchana ardhi yenye joto huipasha hewa ya chini, na sauti hupinda kwenda juu na kuwapita wasikilizaji. Usiku na alfajiri hewa iliyo karibu na ardhi na maji huwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti hupinda kurudi chini. Ndiyo maana ngoma nzuri ya mtoni husikika usiku hadi kilomita 10 hivi, na mchana chini ya hapo. Zaidi ya umbali huo mpigaji wa kijiji cha katikati huupokea ujumbe na kuupiga upya, naye hulitaja tena jina lote la anayeitwa, kwa kuwa wanaomsikia yeye hawakumsikia wa kwanza.