SOMO: Vichwa vya kiolezo cha ripoti visipoendana na ulichonacho

Tuchukue mfano mmoja. Kiolezo cha mwajiri kina vichwa vitano: Utangulizi, Mbinu, Matokeo, Majadiliano, Mapendekezo. Kimetengenezwa kwa ajili ya majaribio, ila wewe umetumwa kuchunguza kwa nini pampu inazimika yenyewe.

1. Andika kwanza orodha ya ulichonacho bila kuangalia kiolezo: pampu ilizimika lini na lini, sababu zilizochunguzwa, sababu iliyobainika, vali iliyokwisha kubadilishwa, kinachopaswa kufanyika.

2. Kila kitu kitafutie kichwa, ukijiuliza msomaji atakitafuta wapi. Mfuatano wa kuzimika unaingia Matokeo. Sababu, zikiwemo zilizokataliwa, zinaingia Majadiliano.

3. Kinachobaki bila mahali ndicho cha kushughulikia. Hapa ni ile vali. Ukiiweka chini ya Mapendekezo kama ilivyo, bosi atadhani unaomba fedha za kazi ambayo imeshafanyika. Basi gawa sehemu hiyo: 5.1 Hatua zilizokwisha kuchukuliwa, 5.2 Hatua zinazopendekezwa. Kichwa kikuu kiongeze tu: "Hatua na Mapendekezo". Neno la awali libaki, maana anayezoea kiolezo hulitafuta hilo.

4. Kwenye Microsoft Word, vichwa vidogo vipe mtindo wa `Heading 2`. Ukikoleza wino kwa mkono, kichwa hakitatokea kwenye orodha ya yaliyomo. Ukimaliza, bonyeza Ctrl+A kisha F9, na ukiulizwa chagua "Update entire table", ili orodha hiyo ijisahihishe.

Usikimbilie "Mengineyo". Sehemu hiyo ikishaanza kubeba jambo ambalo uamuzi unalitegemea, ujue mgawanyo wa juu umekosewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Sina cha kuandika kwenye Mbinu. Nifute?
Ukifuta, Matokeo yatakuwa namba 2, na anayelinganisha ripoti zenu kwa namba atapotea. Hata hivyo, uchunguzi hauwezi kukosa mbinu: "Tulisoma kumbukumbu za mitambo, tukamhoji mwendeshaji, tukafungua pampu." Sentensi moja inatosha. Sehemu ambayo kweli haihusiki, andika "Haihusiki" pamoja na sababu yake.

Kiolezo kimefungwa, vichwa havibadiliki. Je?
Basi kichwa kiache, badilisha sentensi ya kwanza chini yake: "Sehemu hii inaeleza hatua zilizokwisha kuchukuliwa, kisha zinazopendekezwa." Kama hata vichwa vidogo haviruhusiwi, kila aya ianze na jambo lake lenyewe: "Vali ya kuingizia maji imeshabadilishwa."

Naweza kupanga upya vichwa vikuu, Mapendekezo yatangulie?
Hapo muulize mwenye kiolezo kabla hujaandika. Kuongeza maneno kwenye kichwa hakumsumbui mtu sana, lakini kuhamisha sehemu humvuruga anayeunganisha ripoti nyingi kuwa moja. Ukikataliwa, weka mapendekezo kwa sentensi mbili mwishoni mwa Utangulizi, ukimwelekeza msomaji kwenye 5.2.