Kabla ya kutuma picha ya mtu iliyohaririwa: historia ya uhariri ibaki au ifutwe?

Anayepiga picha za watu mjini Kigoma, awe na studio yake Mwanga au awe anafuata kazi mwaloni Kibirizi, hukabidhi vitu viwili ndani ya faili moja: picha yenyewe, na maandishi yasiyoonekana yanayoeleza picha ilipigwa lini, wapi, kwa kifaa gani, na ilifanyiwa nini baadaye. Maandishi hayo ndiyo metadata. Swali la kuyaacha au kuyafuta huulizwa mara nyingi wakati wa kutuma, na wakati huo tayari ni kuchelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hujiandika kadiri kazi inavyoendelea. Uamuzi unapaswa kufanywa kabla ya kufungua picha kwa ajili ya kuihariri.

Tuchukue kazi moja na kuifuata mpaka mwisho. Mama mmoja anayeanika na kuuza dagaa amepigwa picha nyumbani kwake, na picha hiyo itatumika kwenye ripoti ya shirika linalosaidia vikundi vya wanawake. Picha imepigwa kwa simu iliyowashwa huduma ya mahali. Pembeni ameonekana mtoto wa jirani, na nyuma ya kichwa cha mama kuna nguzo ya umeme. Mpigapicha anakusudia kumkata mtoto, kuing'arisha sura, na kuiondoa nguzo. Mama amekubali sura yake itumike, lakini hataki nyumba yake ijulikane. Shirika, kwa upande wake, linataka liweze kuwaonyesha wasomaji kwamba picha ni ya kweli na kwamba lililobadilishwa limetajwa. Maombi yote mawili ni ya haki, na yanaweza kutimizwa pamoja iwapo kazi itapangwa vizuri.

Jambo la kwanza ni kutenganisha aina za taarifa, kwa sababu watu wengi huzifuta zote au huziacha zote kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna zile zinazoandikwa na kifaa wakati wa kupiga, zinazojulikana kama EXIF: tarehe na saa, aina ya simu au kamera, na majiranukta ya GPS, ambayo kwa picha hii yanaweza kumfikisha mtu hadi uani kwa mama huyo. Kuna zile anazoandika mtu kwa makusudi, yaani IPTC: jina la mpigapicha, hakimiliki na maelezo ya picha. Kuna XMP, ambamo programu za kuhariri huweka kumbukumbu zake. Na kuna hati za maudhui, zinazoeleza picha imetokana na chanzo gani na imehaririwaje, ambazo kwenye skrini huitwa Content Credentials na hufuata kanuni ya C2PA, muungano ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni zikiwemo Adobe na Microsoft pamoja na shirika la utangazaji la BBC. Hati hizi hutofautiana na nyingine zote kwa kuwa zimetiwa sahihi ya kidijitali. Mtu akizigusa, inaonekana kuwa zimeguswa.

Kumbukumbu za XMP hupuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndizo zinazomwaibisha mteja mara nyingi zaidi. Lightroom ikihifadhi mipangilio yake ndani ya faili, huandika pia majina uliyozipa sehemu ulizozichagua kurekebisha. Ukiita moja "kovu la shavu", jina hilo linaweza kusafiri na picha hadi kwa mpokeaji. Photoshop nayo huweza kuhifadhi ndani ya XMP maneno yaliyomo kwenye tabaka za maandishi, hata kama tabaka hizo zilifichwa kabla ya kuhifadhi. Isitoshe, kama kipengele cha History Log kimewashwa na kuelekezwa kwenye Metadata, kila hatua ya kazi inaweza kuandikwa. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, angalia mipangilio hiyo na uzipe sehemu na tabaka majina ambayo usingeona haya mteja akiyasoma.

Ili kujua faili limebeba nini, programu ya bure ya ExifTool inatosha. Amri ifuatayo husoma taarifa na kuonyesha kila moja imetoka kundi gani:

```
exiftool -a -G1 -s picha.jpg
```

Katika orodha itakayotokea, usitazame mistari ya GPS peke yake. Tafuta pia ThumbnailImage, yaani kijipicha kinachowekwa ndani ya faili ili kionekane haraka kwenye orodha za picha. Programu nzuri hukitengeneza upya baada ya uhariri, lakini si zote zinazofanya hivyo, na pale isipofanyika, picha kubwa huonyesha mama peke yake wakati kijipicha bado kinamwonyesha na mtoto. Kitoe na kukitazama kwa macho yako:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > kijipicha.jpg
```

Hatari ya namna hiyo hiyo imo ndani ya hati za maudhui, na hapa ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa na uzito. Ukiwasha Content Credentials kwenye Photoshop kisha ukafungua picha ya awali, hati itaitaja picha hiyo kuwa chanzo, na inaweza kubeba kijipicha chake. Mtoto uliyemkata ili kumlinda ataonekana kwa yeyote atakayeikagua hati. Ni vigumu kuliona kosa hilo, kwa sababu picha yenyewe ni safi, EXIF ni safi, na hati ni halali kabisa.

Njia ninayoipendekeza kwa kazi hii ni kuhifadhi kwanza picha ya awali kama ilivyo, bila kuigusa, mahali ambapo ni mpigapicha peke yake anayeweza kuifikia. Kisha tengeneza nakala, umkate mtoto kwenye nakala hiyo hati zikiwa bado hazijawashwa, uihifadhi kama faili jipya, na uondoe mahali na kijipicha:

```
exiftool -gps:all= -xmp:geotag= -ThumbnailImage= nakala.jpg
```

ExifTool huacha kando faili la zamani lenye nyongeza ya _original kwenye jina; hakikisha hulitumi hilo kwa bahati mbaya. Baada ya hapo ndipo unapoifungua nakala safi kwenye Photoshop, unawasha hati za maudhui, unang'arisha sura na kuondoa nguzo. Hati haiandiki yaliyofanyika kabla haijawashwa, kwa hiyo itaeleza marekebisho ya mwanga na uondoaji wa nguzo, na chanzo chake kitakuwa picha ambayo tayari haina mtoto.

Mpangilio huu una gharama, na ni lazima ielezwe wazi. Tendo la kukata halimo tena kwenye hati, na msomaji anayeitegemea hati peke yake angedhani fremu ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, andika kwenye sehemu ya Description ya IPTC, kabla ya kuhamisha faili la mwisho kutoka Photoshop, sentensi kama hii: "Picha imekatwa upande wa kushoto ili kulinda utambulisho wa mtoto, nguzo iliyokuwa nyuma imeondolewa, mahali halisi hapakutajwa kwa ombi la mhusika." Sentensi hiyo hailindwi kama historia iliyorekodiwa na programu, kwa kuwa ni neno la mpigapicha tu, lakini inamweleza msomaji jambo lililofichwa na sababu yake bila kumfichua anayelindwa. Kama picha ingekuwa ya habari za gazeti, nguzo isingepaswa kuondolewa kabisa, na hakuna hati ambayo ingelihalalisha tendo hilo.

Hati zitiwe sahihi mwisho kabisa. Sahihi hufungwa kwenye faili kwa alama ya hesabu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, si picha peke yake bali metadata pia. Ukifuta GPS baada ya kutia sahihi, hata kama hujagusa picha yenyewe, alama hiyo haitalingana tena na mkaguzi ataambiwa kuwa faili limebadilishwa. Picha ya kweli itaonekana ya kughushi kwa sababu tu kusafisha kulifanyika baada ya sahihi. Vilevile, kamera zinazotia sahihi zenyewe, kama Leica M11-P ya mwaka 2023, haziruhusu usafishaji wa namna hiyo bila kuivunja sahihi ya kwanza. Kwa mtu anayehitaji ulinzi, zima huduma ya mahali kabla ya kupiga.

Ukiulizwa wakati wa kuhamisha faili hati iwekwe wapi, chagua kuiambatisha kwenye faili. Chaguo la kuichapisha kwenye hifadhi ya mtandaoni ni zuri kwa msanii anayetaka kazi yake itambulike popote, lakini kwa mama huyu maana yake ni kwamba mtu anaweza kufuta kila kitu ndani ya faili na nakala ya hati ikaendelea kuwepo kwingine. Angalia pia kama hati inaonyesha jina lako na akaunti zako, na uamue kama unataka zifungamane na sura yake.

Kwa picha ya kawaida ya studio, ya harusi au ya maombi ya kazi, mimi ningefuta historia ya uhariri bila kusita na kubakiza jina la mpigapicha na hakimiliki. Aliyeondolewa chunusi hana deni la maelezo kwa mtu yeyote. Ukifuta kila kitu kwa amri ya -all=, kumbuka kwamba utaondoa pia taarifa ya mwelekeo, na picha ya kusimama inaweza kulala ubavu, pamoja na maelezo ya rangi, na ngozi ikabadilika kwenye baadhi ya skrini. Ni salama zaidi kutumia chaguo la Copyright & Contact Info Only wakati wa kuhamisha faili kutoka Lightroom.

Ridhaa nayo ieleze mambo haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana. Basi mweleze mama, kwa maneno ya kawaida, kitakachobaki ndani ya faili na kitakachoondolewa, kabla hajakubali.

Mwisho ni njia ya kutuma. WhatsApp ikitumwa picha kama picha huibana upya na kuondoa metadata, na hati hupotea pamoja nayo. Ikitumwa kama waraka, faili hufika kama lilivyo. Mwombe ofisa wa shirika alipandishe faili alilolipokea, si nakala iliyobaki kwako, kwenye contentcredentials.org/verify, akutajie anachokiona. Akiona jina lako, marekebisho mawili na kijipicha kisicho na mtoto, kazi imefika salama. Akiambiwa hakuna hati, kuna hatua njiani iliyoiondoa, na faili litumwe tena kama waraka. Akiona mtoto, mwombe alifute mara moja, kisha uanze upya kutoka kwenye nakala safi.