Kabla hujaandika det(e^A) = e^(tr A), kagua haya

Hakikisha matriki yako ni ya mraba. Kama si ya mraba, haina detaminanti, na A² yenyewe haipo.

Fanyia kazi kwenye namba changamano, hata kama A yako ina namba halisi tupu. Matriki yenye safu 0, -1 na 1, 0 haina thamani aigeni halisi hata moja. Zake ni i na -i. Ukizikosa hizo, hoja yote ya thamani aigeni haina pa kuanzia.

Kumbuka e^A ni mfululizo I + A + A²/2! + A³/3! na kuendelea. Si kuchukua kila namba iliyomo ndani na kuifanya kipeo cha e kivyake. Kwenye kompyuta watu hukosea hapa kila siku:

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import expm
A = np.array([[3., 1.], [-1., 1.]])
np.linalg.det(np.exp(A))   # 53.598
np.linalg.det(expm(A))     # 54.598
np.exp(np.trace(A))        # 54.598
```

Mstari wa kwanza wa hesabu ni kosa. Tofauti ni 1 kamili, kwa sababu np.exp inakupa e³·e − e·e⁻¹, yaani e⁴ − 1. Usiseme ni makosa ya kukadiria desimali.

Sasa lile lililoniumiza. Usidhani kila matriki inageuzika kuwa ya ulalo. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, swali la mtihani lilitaka uthibitisho wa kanuni hii. Niliandika A = PDP⁻¹, nikasema e^A = P e^D P⁻¹, detaminanti za P na P⁻¹ zikafutana, zikabaki e^λ zikizidishana. Mistari minne. Nikatoka chumbani nikiwa na uhakika, matokeo yakaja swali lile limekatwa zaidi ya nusu ya alama. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu hakubishana nami. Aliandika ubaoni matriki hiyohiyo hapo juu, safu 3, 1 na -1, 1, akanipa chaki: "Haya, nitafutie P."

Jumla ya ulalo mkuu, yaani tr A, ni 4, detaminanti ni 3 + 1 = 4, basi mlinganyo ni λ² − 4λ + 4 = 0, na 2 inajirudia mara mbili. Nikatafuta vekta aigeni: x + y = 0. Mwelekeo mmoja tu, wa (1, -1). P inahitaji safuwima mbili zisizotegemeana na mimi ninayo moja. Nilisimama pale na chaki mkononi. Kanuni ilikuwa kweli kwa matriki ile, ila uthibitisho wangu haukuigusa kabisa.

Ukweli wake uone kwa mkono. Andika A = 2I + N, N ikiwa na safu 1, 1 na -1, -1. Zidisha N kwa N, unapata sifuri tupu, kwa hiyo mfululizo unakatika mapema: e^A = e²(I + N), yaani e² mara safu 2, 1 na -1, 0. Detaminanti yake ni e⁴ × (0 + 1) = e⁴.

Kwa hiyo tumia pembetatu badala ya ulalo. Mwanahisabati Schur alionyesha kwamba kila matriki ya mraba kwenye namba changamano huandikika A = QTQ⁻¹, T ikiwa na sifuri tupu chini ya ulalo mkuu na thamani aigeni zote kwenye ulalo huo wenyewe, kila moja mara nyingi kama inavyojirudia. Ukizidisha matriki za pembetatu, ulalo unazidishana wenyewe kwa wenyewe, hivyo T^k ina λ^k pale pale. Jumlisha mfululizo, ulalo wa e^T unakuwa e^λ. Detaminanti ya pembetatu ni zao la ulalo wake, na kuzidisha e^λ ni kujumlisha λ kwenye kipeo cha e. Jumla hiyo ni tr T, sawa na tr A. Q na Q⁻¹ zinafutana kama kawaida.

Usisahau marudio: ukiihesabu 2 mara moja tu, utapata e² badala ya e⁴.

Pia usiibebeshe kanuni hii mzigo usio wake. Inakwambia det(e^(A+B)) ni sawa na det(e^A) mara det(e^B) daima, lakini haikwambii e^(A+B) = e^A e^B; hilo usiliandike kabla hujahakikisha AB = BA. Na detaminanti ikitoka sawa, usidhani e^A yako yote ni sahihi: matriki nyingi tofauti zina detaminanti e⁴, kwa hiyo kagua na namba za ndani, moja moja.